Arctan katika intigrali: namba 1/a inatoka wapi

Wanafunzi wa kidato cha sita ninaowafundisha hapa Dodoma hufika salama kwenye arctan, kisha wakakosa jibu kwa kusahau namba moja inayokaa mbele yake. Tuanze pale namba hiyo inapozaliwa.

Hatua ya kwanza ni kutafuta derivativu. Tukiandika y = arctan x, tunamaanisha kwamba y ni pembe ambayo tanjenti yake ni x, yaani x = tan y. (Alama tan⁻¹ iliyoandikwa kwenye kikokotoo ina maana hiyohiyo, wala si 1 kugawanya kwa tan.) Tukitofautisha x kwa kufuata y tunapata:

dx/dy = sec² y = 1 + tan² y = 1 + x²

Kwa hiyo dy/dx = 1/(1 + x²).

Hatua ya pili ni kuweka u/3 mahali pa x. Kwa kanuni ya mnyororo, derivativu ya arctan(u/3) ni

(1/3) · 1/(1 + u²/9) = 3/(9 + u²)

Ile 9 iliyokuwa chini ya u² ndiyo inayobadili 1/3 kuwa 3. Ikiwa tunataka 1/(9 + u²) peke yake, basi ni lazima tugawanye kwa 3, na intigrali yake inakuwa (1/3) arctan(u/3) + C; hapa a ni 3, na hiyo 1/3 ndiyo 1/a.

Sasa tutafute intigrali ya 1/(x² + 4x + 13) kuanzia x = −2 hadi x = 1. Asili ya sehemu hii haifanani na 9 + u², lakini tukikamilisha mraba inakuwa (x + 2)² + 9, hivyo u = x + 2, na du = dx.

(1/3)[arctan((x + 2)/3)] = (1/3)(arctan 1 − arctan 0) = (1/3)(π/4) = π/12 ≈ 0.262

Kabla ya kuliamini jibu, litazame kwa jicho la eneo. Thamani ya 1/(x² + 4x + 13) inashuka kutoka 1/9 pale x = −2 hadi 1/18 pale x = 1, na upana ni 3, kwa hiyo eneo ni lazima liwe kati ya 0.167 na 0.333. Aliyesahau 1/3 atapata 0.785, na aliyeacha kikokotoo kwenye digrii badala ya radiani atapata 15. Majibu yote mawili yanajifichua papo hapo.

Njia hii hudai kwamba namba inayobaki baada ya kukamilisha mraba iwe chanya. Kwa x² + 4x + 3 inabaki (x + 2)² − 1, ambayo inagawanyika kuwa (x + 1)(x + 3), na hapo jibu huja kwa logi. Kwa x² + 4x + 4 haibaki kitu, na intigrali ni −1/(x + 2) + C.