Kabla hujasema "nimeteguka tu"

Mguu umepinda, umeanguka, kifundo kimeanza kujaa. Hapo kila aliye karibu ana lake: mmoja anataka akuvute mguu urudi mahali pake, mwingine ameshabandika maji ya kukukanda. Wazuie wote kwa heshima. Kaa chini, weka mguu juu ya kitu, halafu fuata mambo haya kabla hamjakubaliana kwamba umeteguka.

Vua kiatu na soksi mapema, na kama una kikuku, kitoe. Uvimbe ukishapanda vitakubana na kuvitoa itakuwa mateso.

Tazama mguu wote, usitazame kifundo peke yake. Kama wayo umegeukia upande usio wake, kama kuna kidonda kinachoonekana kuingia hadi kwenye mfupa, au kama vidole vimepauka, vimekuwa vya baridi au vimekufa ganzi, acha kila kitu uende hospitali sasa hivi. Usiunyooshe mguu. Ufunge na mto au blanketi lililokunjwa, ubaki ulivyo, na usile wala kunywa chochote mpaka uonwe, maana huenda ukahitaji kupigwa usingizi.

Kama hakuna hayo, achana na vipimo vya mitaani. "Chezesha vidole, vikicheza hujavunjika." Si kweli, kwa sababu misuli inayochezesha vidole ipo juu kwenye muundi, na itaendelea kuvivuta hata mfupa wa kifundo ukiwa na ufa. Ukubwa wa uvimbe nao hausemi kitu: kano iliyochanika inaweza kuvimba kama yai, na mfupa uliopasuka ukavimba kidogo tu. Mlio uliousikia wakati wa kuanguka pia usikupe jibu, maana kano ikikatika hulia vilevile. Rangi ya zambarau inayoshuka hadi vidoleni baada ya siku mbili tatu ni damu iliyovilia ndani na kuteremka, na hutokea katika hali zote mbili.

Kinachosema kitu ni kidole chako. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walichapisha kanuni fupi ya kuamua nani apigwe eksirei, na mpaka leo inatumika kwenye vyumba vya dharura nchi nyingi. Inauliza mambo mawili: mfupa unauma ukibonyezwa mahali fulani, na je, unaweza kukanyaga?

Anza na kubonyeza. Kifundo kina nundu mbili za mfupa, ya nje na ya ndani. Weka kidole nyuma ya nundu ya nje, kwenye ukingo wa mfupa, uanze ncha ya chini na kupanda taratibu kwa sentimita 6 hivi, karibu upana wa vidole vitatu au vinne. Fanya hivyo hivyo upande wa ndani. Unatafuta maumivu ya kwenye mfupa wenyewe. Mtu aliyeteguka kwa kawaida huumia zaidi mbele kidogo na chini ya nundu ya nje, kwenye sehemu laini inayobonyea, kwa sababu kano inayochanika mguu ukipinda kwa ndani ipo hapo. Ukibonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa ukaruka kwa maumivu, hilo si la kulala nalo.

Kisha shuka kwenye wayo. Pitisha kidole kwenye ukingo wa nje, kuanzia kidole cha mwisho ukirudi kuelekea kisigino. Katikati ya safari hiyo utakutana na kinundu cha mfupa kimejitokeza. Kibonyeze. Halafu hamia upande wa ndani, mbele na chini kidogo ya nundu ya ndani, ambapo pia kuna mfupa uliojitokeza juu ya upinde wa wayo. Nao ubonyeze.

Mwisho simama. Ukiweza kupiga hatua nne, mbili kila mguu, hata kwa kuchechemea, inahesabika kwamba unakanyaga. Kama ulishindwa pale pale ulipoanguka na bado unashindwa, nenda ukapigwe eksirei. Nenda pia kama mfupa wowote kati ya hiyo minne umeuma ulipobonyezwa, hata kama unatembea.

Hapo kwenye "hata kama unatembea" ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu ya yaliyompata binamu yangu.

Alikosa ngazi ya mwisho akishuka, mguu ukapinda kwa ndani, akaanguka ubavu. Akainuka mwenyewe, akachechemea hadi ndani. Wazee wakasema, "Angekuwa amevunjika asingekanyaga," na neno hilo likafunga mjadala. Kila jioni akakandwa maji ya moto na kuchuliwa kwa nguvu, na asubuhi akaenda kazini. Kifundo kikapungua, kila mtu akaridhika. Yeye tu ndiye aliyekuwa akilalamika kwamba akiukanyaga ukingo wa nje wa wayo anahisi kama anachomwa na kisu. Akaambiwa ni damu iliyoganda, itaisha.

Alipokwenda kituo cha afya alisema, "Niliteguka kifundo," na kwa maneno hayo akapigwa picha ya kifundo. Picha ikatoka safi, akarudishwa na dawa za maumivu. Baadaye alikutana na mganga mwingine ambaye hakuuliza jina la ugonjwa. Alimwambia, "Nionyeshe kwa kidole kimoja panapouma." Binamu hakugusa kifundo kabisa. Aligusa ule ukingo wa nje, mbele kidogo ya kinundu nilichokuambia ubonyeze. Mganga akaagiza picha ya wayo, na ufa ukaonekana kwenye mfupa mrefu unaokwenda kidole cha mwisho.

Mfupa huo hupata shida mguu ukipinda kwa ndani, mwendo ule ule unaotegua kifundo, na ndiyo maana watu wanachanganya. Kwenye kinundu chenyewe kuna kano ya msuli imeshikilia. Ikivutwa ghafla inaweza kung'oa kipande cha mfupa. Kipande hicho kwa kawaida huunga vizuri, mtu akitembea na kiatu kigumu kwa wiki kadhaa. Lakini ufa ukiwa mbele kidogo ya hapo, umeingia sehemu inayopata damu kwa uchache. Huo huunga polepole, na mara nyingi unataka mguu usikanyagwe kabisa kwa wiki 6 hadi 8. Wa binamu yangu ulikuwa huo, na alikuwa ameutembelea na kuuchulia tangu aanguke. Kingo za mfupa zilikuwa zimeshaachana. Akapasuliwa, akawekewa skrubu, na magongo akakaa nayo muda mrefu kuliko ambavyo angekaa nayo angefungwa mapema.

Kwa hiyo kukanyaga hujibu swali moja tu. Yale ya kubonyeza yabaki palepale. Na ukifika hospitali usitaje "kifundo" kwa mazoea. Onyesha kwa kidole kimoja panapouma, na kama ni kwenye wayo, omba wayo nao upigwe picha. Ukiwa mjamzito, au unahisi huenda ni mjamzito, mwambie mpiga picha kabla hajaanza.

Kama umebonyeza pote na mifupa imenyamaza, na hatua nne umezipiga, basi uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana na unaweza kujitunza nyumbani. Kwa siku mbili tatu za mwanzo usichue, usikande kwa maji ya moto na usinywe pombe, kwa kuwa vyote huongeza damu kuvuja kwenye uvimbe. Barafu ifunge kwenye kitambaa, uiweke dakika 15 hadi 20, urudie kila baada ya saa mbili au tatu ukiwa macho. Usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi, itaunguza.

Kufunga bendeji ndiko watu wanakokosea. Chukua bendeji ya kuvutika, yenye upana wa sentimita 7 hadi 10. Anzia karibu na vidole, si kwenye kifundo. Ukianzia juu, uvimbe utasukumwa chini, na wayo utajaa. Zungusha mara mbili kwenye wayo, pandisha ukipishanisha mbele ya kifundo kama namba 8, funika kisigino, umalizie juu ya kifundo. Kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, na mkazo upungue kadiri unavyopanda. Ikisha, bonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka uwe mweupe, kisha uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili hivi. Ikichelewa, au vidole vikianza kuwasha kama sindano, kupoa au kugeuka rangi, fungua yote ufunge upya kwa kulegeza. Usiku ivue.

Mguu uinuke juu ya usawa wa moyo. Kukaa kwenye kiti na kuweka mguu kwenye stuli hakutoshi. Lala chali, weka mito chini ya muundi mpaka kisigino kiwe juu kuliko kifua.

Kupumzika kusizidi. Maumivu yakianza kulegea baada ya siku mbili tatu, anza kuuchezesha wayo juu na chini, kisha ukanyage kidogo kidogo kwa kadiri ya maumivu. Kifundo kilicholazwa wiki nzima hukakamaa. Ukiweza kusimama bila shida, jizoeze kusimama kwa mguu huo mmoja karibu na ukuta, maana waliotegua mara moja huutegua tena kirahisi.

Kanuni hii ya kubonyeza ina watu isiowafaa. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni anaweza kuvunjika asisikie kitu. Aende apigwe picha. Aliyelewa, au aliyeumia kwingine kwa maumivu makubwa zaidi, asijipime. Mtoto mdogo hawezi kukueleza vizuri, na mifupa ya watoto ina sehemu ya ukuaji karibu na kifundo inayoweza kuumia wakati mtu mzima angeteguka tu, kwa hiyo akikataa kukanyaga apelekwe. Mzee naye mifupa yake huwa imelegea, usimsubirishe. Na yeyote aliyejitunza nyumbani, siku ya 5 hadi ya 7 ikifika hajaweza kukanyaga, au maumivu yamehamia sehemu moja ya mfupa badala ya kupungua, arudi akabonyezwe na mtu mwingine. Shavu la mguu likivimba, likawa la moto na kuuma wakati kifundo kinapona, huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa. Aende siku hiyo hiyo, na kama anakosa pumzi pia, aende dakika hiyo hiyo.