Somo: Kuripoti kazini bila jina, na kubaki bila jina

Kazi yangu ni kupokea ripoti za ufichuzi katika kampuni moja ya malori hapa Mombasa. Nyingi huja bila jina, na nyingi hufia mezani kwangu. Si kwamba ni za uongo. Zimeandikwa hivi kwamba nikianza kuchunguza nitamfichua aliyeandika, au nina swali moja tu la kumwuliza na sina pa kulipeleka. Somo hili ni la mwenye jambo la kusema ambaye bado anahitaji mshahara wa mwisho wa mwezi.

Hatua ya kwanza: soma sera ya ufichuzi kabla ya kufungua mdomo

Huna haja ya kuisoma yote. Tafuta nani anapokea ripoti, na inaenda wapi ikiwa anayelalamikiwa ni huyo huyo mpokeaji. Sera ambayo njia yake pekee ni meneja wa wafanyakazi haifai kitu siku meneja huyo anapokuwa ndiye mla hongo. Lazima pawe na mlango wa pili, kwa kawaida mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi ya bodi.

Kisha angalia kama inatofautisha *siri* na *bila jina*, kwa sababu watu wengi huzichanganya. Ripoti ya siri ina jina lako, ila anayelijua ni mpokeaji peke yake. Ripoti isiyo na jina hakuna anayejua ni yako, hata mpokeaji. Ya siri ni rahisi kuchunguza, na ukija kuonewa ni rahisi kuthibitisha kwamba uliripoti. Isiyo na jina inakukinga zaidi mwanzoni, lakini wakikugundua na kukufukuza, itakubidi uonyeshe mwenyewe kwamba ile ripoti ilikuwa yako. Ndiyo maana namba ya faili utakayopewa usiitupe kamwe.

Hatua ya pili: chagua njia inayoweza kukujibu

Sanduku la maoni lililotundikwa ukutani chini ya kamera ni pambo. Simu ya mezani ya ofisini ina kumbukumbu ya kila namba iliyopigwa, na barua pepe ya kazini ni mali ya mwajiri. Njia nzuri ni ile inayokupa namba na neno la siri la kurudia: fomu ya mtandaoni yenye kisanduku cha ujumbe, au simu inayosimamiwa na kampuni ya nje.

Kama jambo ni la rushwa, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, ina mfumo wa namna hiyo kwenye tovuti yake. Unajichagulia jina la bandia na neno la siri, unafungua kisanduku, na wachunguzi wanakuuliza maswali humo bila kujua wewe ni nani. Ingia kwa simu yako na bando lako, usitumie waifai ya ofisi.

Hatua ya tatu: andika kitu kinachoweza kupimwa

Hapa nitakaa kidogo. Ripoti moja niliyopokea ilianza hivi: "Meneja wa ununuzi ni mwizi, kila mtu anajua, na mimi nilimwonya Jumanne akanicheka." Sentensi hiyo haina hata chembe ya ushahidi, halafu inamtaja mwandishi. Watu wangapi walimwonya meneja Jumanne ile?

Bahati nzuri, mwandishi aliendelea. Alisema tangi letu la dizeli hubeba lita 5,000. Asubuhi ya tarehe 6 Machi, buku la vipimo lilionyesha zimebaki lita 2,900. Siku hiyo hiyo kukasainiwa delivari ya lita 4,800. Fanya hesabu: nafasi iliyokuwepo ni lita 2,100. Kwa hiyo lita 2,700 zililipiwa na hazikuingia kwenye tangi letu, kwa sababu hazingeenea. Ripoti ilikuwa na picha ya ukurasa wa buku na namba ya delivari.

Ripoti inapaswa kuwa hivyo: tarehe, kiasi, namba ya karatasi, na mahali karatasi ilipo. Eleza ulichokiona, na ulichosikia sema umekisikia. Usimwite mtu mwizi. Hesabu itamwita yenyewe.

Hatua ya nne: jifute kwenye ripoti

Kabla ya kutuma, jiulize ni watu wangapi wangeweza kujua kila jambo uliloandika. Kama ni wawili tu, wewe na mlalamikiwa, ama liache, ama liandike pamoja na mambo ambayo wengi wanayajua. Picha iliyopigwa kwa simu hubeba tarehe, aina ya simu na mara nyingine mahali ilipopigwa. Njia rahisi ni kupiga picha ya skrini ya ile picha, ukaituma hiyo mpya. Faili iliyoandikwa kwenye kompyuta ya kazini inaweza kuwa na jina lako ndani hata kama hukusaini, basi andika moja kwa moja kwenye fomu.

Lugha pia inasema. Kuna mtu nilimtambua kwa sababu kila aya yake ilianza na "kwa hivyo basi", kama anavyozungumza kwenye mikutano. Nilinyamaza, na maneno yake sikuyaonyesha mtu. Mpokeaji mwingine huenda asinyamaze.

Hatua ya tano: rudi kwenye kisanduku

Hatua hii wengi wanairuka. Sera nyingi hutoa siku 7 za kukiri kwamba ripoti imefika na miezi 3 ya kukupa mrejesho. Katikati hapo kuna maswali. Mwandishi wa dizeli nilimwuliza siku ya pili: buku la vipimo huwekwa wapi, na nani mwingine huliandika? Alijibu baada ya siku 19. Kufikia hapo buku la Machi lilikuwa limebadilishwa na jipya. La zamani, niliambiwa, lilimwagikiwa chai. Ile picha yake ndiyo iliyookoa faili. Laiti angerudi wiki ya kwanza, ningelishika buku lenyewe.

Mtajua pia upande wangu ulivyokwenda. Ripoti ya asili ilifungiwa mahali ninapofika mimi na mkaguzi wa ndani tu. Wengine walipata muhtasari niliouandika kwa maneno yangu, bila picha. Halafu sikuomba karatasi za dizeli za Machi, maana stoo nzima ingejua pametokea nini na macho yangemgeukia aandikaye buku. Niliomba karatasi za miezi sita za watoa huduma watatu: dizeli, tairi na vipuri, nikaiita ukaguzi wa nusu mwaka. Ilichukua muda mrefu zaidi na tairi hazikuwa na kosa lolote, lakini hakuna aliyeuliza "nani kasema?"

Hatua ya sita: weka daftari la kisasi

Kisasi mara chache huja kwa jina lake. Huja kama zamu ya usiku mfululizo, uhamisho wa ghafla, barua ya onyo kwa kosa ambalo jana halikuwa kosa, au kunyimwa ovataimu. Andika tarehe ya kila tukio, nani alihusika na wenzako wa daraja lako walitendewaje. Daftari likae nyumbani. Kinachopimwa ni mfuatano: ulikuwa unatendewaje kabla ya ripoti, na baada yake kulibadilika nini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Changamwe: *Bosi ameandika kwenye grupu ya wafanyakazi, "Aliyepeleka maneno ajitokeze tuyamalize kiungwana." Nijitokeze?*

Usijitokeze, na usijibu hata kwa emoji. Kumsaka mfichuzi ni kosa katika sera yoyote iliyoandikwa vizuri, hata kama hakuna aliyeadhibiwa bado. Piga picha ujumbe huo, uupeleke kwenye kisanduku kwa namba ile ile ya faili. Kwa mpokeaji huo ni ushahidi mpya unaojitegemea, na mara nyingi ni mwepesi kuthibitisha kuliko wizi wenyewe.

Mwanachama, Kisumu: *Ndugu, mimi nilimwambia supavaiza wangu kwa mdomo kuhusu mlungula. Mwezi uliofuata nikahamishwa. Sheria inanilinda?*

Pole sana. Hapa ndipo watu wengi wanaumia bila kujua. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Hongo ya 2016 kinakataza kumshusha cheo, kumfukuza, kumhamishia mahali pabaya au kumtisha mfichuzi. Faini ni hadi shilingi milioni moja, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Lakini sheria hiyo inamtaja mfichuzi kuwa ni aliyeripoti kwa EACC au kwa vyombo vya kutekeleza sheria. Maneno ya mdomo kwa supavaiza hayafiki huko. Kilichobaki upande wako ni sera ya kampuni na sheria ya ajira. Ripoti kwa EACC sasa, na uweke kwa maandishi kwamba ulishamwambia supavaiza, tarehe fulani. Yeye naye, kama ana madaraka, sheria hiyo ilimpa saa 24 kuripoti tuhuma za hongo.

Mwanachama, Nakuru: *Nikifukuzwa je?*

Usisaini chochote kinachosema umekubali kuondoka kwa hiari. Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha sababu ya kukuachisha kazi, na kabla ya hapo akusikilize ukiwa na mwenzako au mwakilishi wa chama. Unaweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu. Mahakama ya ajira ikiona umeonewa inaweza kukupa fidia hadi mishahara ya miezi 12. Namba ya faili na daftari lako utavihitaji hapo.

Mwanachama, Thika: *Na nikikosea? Labda hizo lita zilienda tangi la tawi lingine.*

Kukosea si kosa. Sheria ya Kupambana na Rushwa na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003, kifungu cha 65, inamlinda aliyetoa taarifa kwa Tume, isipokuwa kwa maneno ambayo mwenyewe hakuyaamini kuwa ya kweli. Andika basi, "sijui kama kuna tangi jingine." Mimi mpokeaji hupenda sentensi kama hiyo, inanionyesha pa kuanzia. Na kwa kweli ndicho kitu cha kwanza nilichokiangalia.

Mwanachama, Eldoret: *Sera nzuri zilikuwepo siku zote, lakini watu wanaumia. Kuna mtu anamkumbuka Munyakei?*

Namkumbuka, mzee wangu. David Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu aliyetoa karatasi za malipo ya kashfa ya Goldenberg, ile ya fedha za umma, mwaka 1993. Alikamatwa, akashtakiwa kwa kutoa siri za serikali, akaachiliwa, na kazi yake hakuirudia hadi alipofariki mwaka 2006. Hadi leo Kenya haina sheria moja kamili ya kulinda wafichuzi. Kinga zetu zimetawanyika katika hizo sheria nilizozitaja.

Mwanachama, Kilifi: *Naweza kumwambia mwenzangu mmoja tu ninayemwamini?*

Hapana. Katika faili nilizozishika ambazo jina lilivuja, halikuvujia kwenye mfumo. Lilivujia kwenye chakula cha mchana.