Presha ya maji yaliyotulia haimwagilii shamba

Katika miteremko ya Subukia na Bahati, kaunti ya Nakuru, tangi huwekwa juu ya boma na nyanya hupandwa chini. Mteremko unampa mkulima presha ya bure, bila dizeli wala umeme. Lakini lalamiko moja hurudi kila kiangazi. Fundi akifunga valvu ya chini, geji inasimama vizuri. Akifungua ili laini za dripu zijae, sindano inaanguka karibu na sifuri na mistari ya mwisho inabaki mikavu. "Presha iko, mwalimu, umeiona mwenyewe," fundi husema. Ni kweli ameiona, ila ameiona maji yakiwa yametulia. Shamba linahitaji presha ya maji yanayotembea, na hizo presha mbili zinaweza kutofautiana mno.

Maji yaliyosimama hayasuguani na paipu. Ukifunga chini, geji itasoma mteremko wote kutoka usawa wa maji tangini hadi pale geji ilipo, iwe umetandika paipu nyembamba kama kidole au nene kama mkono. Kila mita 10 za mteremko ni karibu baa 1. Maji yakianza kutembea, sehemu ya nguvu hiyo huliwa njiani na msuguano wa ukuta wa paipu, kona, valvu na filta. Dripu hupata kilichobaki. Wahandisi huiandika hesabu hiyo hivi:

```
z1 + p1/(ρg) + v1²/(2g) = z2 + p2/(ρg) + v2²/(2g) + hL
```

Upande wa kushoto ni tangi, upande wa kulia ni shamba. Kila kipande kinapimwa kwa mita za maji: z ni mwinuko wa mahali, p/(ρg) ni presha, v²/(2g) ni nguvu ya mwendo, na hL ni hasara yote ya njiani. Juu ya tangi maji yako wazi na hayaendi mbio, kwa hiyo presha na mwendo wa hapo ni sifuri. Nguvu ya mwendo chini huwa ndogo pia, sentimita chache tu katika paipu za shamba. Kwa hiyo mteremko ukitoa hasara ndiyo presha utakayoipata. Mkulima hawezi kuongeza mteremko, ila hasara anaweza kuipanga kabla hajanunua paipu.

Tuchukue shamba la nyanya la karibu thumuni ya ekari. Lina mita 450 za laini ya dripu, tundu kila sentimita 30, jumla matundu 1,500. Kila tundu limekusudiwa kutoa lita 1.2 kwa saa, na hiyo ni lita 1,800 kwa saa au nusu lita kwa sekunde. Laini hizi zinataka mita 7 za presha mlangoni mwa shamba, yaani baa 0.7. Filta ya diski ikiwa safi tunaihesabia mita 2. Tangi liko umbali wa mita 200, na mteremko ni mita 15. Upime mteremko kutoka tundu la kutokea maji chini ya tangi, usiupime kutoka maji yakiwa yamejaa, maana jioni tangi likikaribia kuisha zile mita za juu hazipo tena. Usitegemee mwinuko unaoonyeshwa na simu, unaweza kukosea mita kadhaa, na hapa tunagombania mita kadhaa.

Mita 15, toa 7 za dripu, toa 2 za filta, zinabaki mita 6. Hizo ndizo bajeti ya paipu na viungo vyake vyote.

Msuguano wa paipu tunaukadiria kwa fomyula ya Hazen na Williams, inayofaa kwa maji ya kawaida katika paipu za namna hii:

```
hf = 10.67 × L × Q^1.852 / (C^1.852 × D^4.87)
```

hf ni mita zinazoliwa na msuguano wa paipu, L ni urefu kwa mita, Q ni maji kwa mita za ujazo kwa sekunde (hapa 0.0005), D ni kipenyo cha ndani kwa mita, na C ni ulaini wa ukuta. Kwa paipu nyeusi ya plastiki natumia 140. Angalia neno "ndani". Paipu nyeusi huuzwa kwa kipenyo cha nje, kwa hiyo ile ya milimita 32 ya daraja la PN10 ina nafasi ya karibu milimita 28 tu, na ya 25 ina karibu 21. Ukuta hutofautiana kwa daraja na kwa mtengenezaji, basi nenda hadwea na rula upime mdomo wa paipu yenyewe.

Kwa nusu lita kwa sekunde na mita 200, paipu ya 25 ingehitaji karibu mita 26 za mteremko kwa msuguano peke yake. Tuna 15. Ya 32 inakula mita 6.4. Ya 40, yenye nafasi ya milimita 35 hivi ndani, inakula mita 2.1. Kutoka 21 hadi 28 kipenyo cha ndani kimeongezeka kwa theluthi moja tu, lakini hasara imeshuka hadi robo. Hapo ndipo imani ya kwamba paipu nyembamba "inasukuma maji kwa nguvu" inapowagharimu watu mavuno. Ukibana mdomo wa mpira, maji yanaruka mbali kwa sababu ni kidogo na mbano uko mwishoni. Ukibana mita 200 nzima, nguvu imeshakwisha kabla ya kufika.

Mkulima aliyetandika ya 25 hatakosa maji kabisa, na ndiyo maana kosa hilo hujificha. Akifungua mwisho wa paipu kabla ya kufunga filta na dripu, mtungi wa lita 20 utajaa kwa chini ya dakika moja na ataridhika. Akishaunganisha dripu, mfumo utajipatanisha wenyewe: badala ya nusu lita kwa sekunde zitapita karibu lita 0.3, na mlangoni mwa shamba geji itasoma baa 0.3 hivi. Kwa presha ndogo namna hiyo, hata mteremko wa mita moja ndani ya shamba unatosha kuwapa mistari ya chini maji mengi na ya juu machache. Nyanya za chini hupasuka, za juu hunyauka, na lawama huenda kwa mbegu.

Je, tununue ya 40 yote? Si lazima, na bei yake inauma. Ya 32 peke yake inavuka bajeti kidogo, mita 6.4 dhidi ya 6 na viungo bado. Mita 100 za 40 na mita 100 za 32 zinakula 1.0 na 3.2, jumla 4.2. Inabaki nafasi ya karibu mita 1.8 kwa viungo na kwa siku filta itakapochafuka.

Sasa, ipi iwe juu? Paipu nene ianzie tangini. Mara nyingi tangi huwekwa kwenye sehemu tambarare ya kilima, na mteremko wenyewe huanza mbele. Tuseme mita 60 za kwanza zinashuka sentimita 80 tu. Ya 40 inakula kama sentimita 63 katika kipande hicho, kwa hiyo presha inabaki upande salama, ingawa kwa shida. Ya 32 ingekula karibu mita 1.9. Tangi likiwa karibu kuisha, presha ndani ya paipu ingeshuka chini ya ile ya hewa ya nje. Hapo kila kiungo kisichokazwa sawasawa hunyonya hewa, mapovu hukusanyika kwenye kila nundu ya paipu, na maji hutoka kwa kukohoa. Mafundi huiita hewa na hutoboa paipu kuitoa. Hewa hiyo itarudi, kwa sababu kinachoiita ni kipenyo cha paipu.

Viungo vina hesabu yake. Kila kimoja hula nguvu ya mwendo, v²/(2g), mara namba yake: elbo ya nyuzi kama 0.9, geti valvu iliyo wazi kabisa 0.2, tii maji yanapokata kona 1.8, mdomo wa tangi 0.5. Katika paipu ya 32 maji yetu yanakwenda mita 0.8 kwa sekunde, na nguvu ya mwendo ni sentimita 3.4. Elbo sita, geti valvu mbili, tii moja na mdomo wa tangi hufika 8.1, yaani sentimita 27 au 28. Kwa laini ndefu hivi, usikose usingizi kwa ajili ya elbo.

Kosa usingizi kwa ajili ya kiungo kimoja chembamba. Fundi akikosa valvu ya inchi moja dukani, huchukua stopkoki ya nusu inchi na redyusa mbili, akasema ni mahali padogo tu. Ndani ya milimita 15 maji yaleyale lazima yapite kwa mita 2.8 kwa sekunde. Nguvu ya mwendo inapanda hadi sentimita 41, na stopkoki ya aina ya kukandamiza, hata ikifunguliwa yote, ina namba karibu 10. Hasara yake ni mita 4.1. Chuma kinachoenea kiganjani kimekula sawa na mita 200 zote za paipu tulizozipanga kwa uangalifu. Adapta za kuchomeka ndani ya paipu nazo hubana njia, na geti valvu iliyosahauliwa robo wazi ni mbaya kuliko stopkoki ya kipimo chake sahihi.

Ili kujua mla presha ni nani, weka tii yenye kizibo katikati ya njia, kabla ya filta na baada yake, uweze kufunga geji popote. Nunua geji ya baa 0 hadi 2.5. Ile ya baa 10 haitakuonyesha vizuri tofauti ya baa 0.2. Funga chini kwanza usome presha iliyotulia, kisha fungua shamba lote, subiri laini zijae, usome tena palepale. Tofauti ya masomo hayo mawili ni hasara kutoka tangini hadi hapo. Katika mfano wetu, katikati ya njia, ya 40 inapoishia, tofauti iwe karibu baa 0.1. Ikiwa ni 0.4, kizuizi kiko juu: valvu ya tangi, tope kwenye mdomo, au paipu iliyokunjika chini ya udongo. Ikiwa tofauti ya katikati haina shida, na ile ya kabla ya filta ni karibu baa 0.45, paipu haina kosa. Pima basi pande mbili za filta maji yakitembea. Tofauti ya baa 0.2 tuliihesabu. Ikifika 0.35, ile nafasi ya ziada imekaribia kwisha, kwa hiyo fungua uoshe diski siku hiyohiyo, hasa kama maji yametoka bwawani wakati wa mvua.