Kukadiria maembe mtini kwa picha ya tawi moja

Dalali akija kununua mwembe mzima, huuzunguka mara moja, hutazama juu, kisha hutaja idadi. Mwenye shamba naye ana yake kichwani, na hapo ndipo ubishi huanza. Kwa simu na futi ya fundi cherehani unaweza kupata idadi yenye hesabu nyuma yake. Mfano wangu ni mwembe wa apple wenye matawi makuu manne, wa aina inayoonekana sana mashamba ya Kilifi.

Hatua ya 1: Ngoja mti umalize kupukutisha

Mwembe hushika vitunda vingi kuliko utakavyoweza kulea, na vingi huanguka wiki za mwanzo. Ukihesabu vikiwa kama gololi, nusu ya hesabu yako inaweza kuishia chini. Subiri vifikie ukubwa wa yai la kuku.

Hatua ya 2: Pima mzingo wa kila tawi kuu

Wengi huhesabu tawi moja, wakazidisha kwa idadi ya matawi. Shida ni kwamba matawi hayalingani. Zungusha futi kwenye kila tawi, shubiri moja juu ya pale linapotoka shinani, ukikwepa uvimbe wa maungio. Tuseme umepata sentimita 62, 50, 44 na 30.

Sasa zidisha kila mzingo kwa wenyewe: 3,844, 2,500, 1,936 na 900. Jumla ni 9,180. Tunafanya hivi kwa sababu wingi wa matunda hufuata zaidi ukubwa wa mkato wa tawi, yaani ule uso ambao ungeuona kama ungelikata kwa msumeno. Tawi la sentimita 62 lina mkato unaozidi mara nne ule wa tawi la 30, ingawa kwa macho linaonekana nene mara mbili tu.

Hatua ya 3: Chagua tawi, lakini kwanza uzunguke mti

Hapa ndipo makadirio mengi ya miembe huharibikia. Mwembe una tabia ya kuzaa upande mmoja huku upande wa pili ukichipua majani matupu. Utaujua upande huo kwa majani yake machanga, laini, yenye rangi ya shaba. Tawi la namna hiyo litoe kwenye jumla ya hatua ya 2, na matunda yake machache yahesabu peke yake kwa macho.

Yaliyobaki yapigie kura: andika namba kwenye vikaratasi, ukunje, uokote kimoja. Ukichagua kwa jicho utavutwa na lililosheheni, na dalali atavutwa na lililokonda.

Hatua ya 4: Piga picha na uhesabu

Funga utepe mwanzo wa tawi, ili kwenye picha ujue linapoanzia. Asubuhi au siku ya mawingu ni bora. Jua la utosini hutia madoa ya mwanga kwenye majani, na kila doa hujifanya embe. Piga picha moja kutoka upande mmoja. Ukipiga pande mbili, maembe ya katikati yatahesabiwa mara mbili. Kisha ikuze kwenye simu na utie nukta juu ya kila tunda kwa kalamu ya kuhariri picha. Vichala vikague mara mbili, maana embe la mbele huficha la nyuma.

Tuseme kura imeangukia tawi la sentimita 44, na picha inaonyesha maembe 58.

Hatua ya 5: Rudisha yaliyofichwa

Picha haioni yote. Chukua tawi moja unaloweza kulifikia kwa ngazi, lipige picha vilevile, kisha lihesabu kwa mkono. Ikiwa picha ilionyesha 48 na mkono ukapata 60, kigezo chako ni 60 ÷ 48, yaani 1.25. Kinafaa kwa miti ya aina hiyo yenye majani ya kiasi hicho. Ukihamia mti uliopogolewa, kitafute upya.

Hatua ya 6: Piga hesabu

```
58 × 1.25 = 72.5
72.5 × 9180 ÷ 1936 = 344 (takriban)
```

Njia ya kuzidisha kwa matawi manne ingekupa 290. Pengo la maembe 54 kwa mti mmoja si dogo pale yanapouzwa kwa tunda.

Tawi moja bado ni ushahidi mwembamba. Okota kura nyingine: tawi la sentimita 50 likionyesha 70 pichani, hesabu hiyohiyo inatoa kama 321. Mweleze mnunuzi kwamba mti una maembe kati ya 320 na 345. Matawi mawili yakipishana sana, mathalani 200 na 400, huenda kuna upande mtupu uliokupita katika hatua ya 3.

Kwa miembe mikongwe ya ngowe ambayo tawi moja tu halienei kwenye picha, fuata tawi hadi linapogawanyika tena, pima vitawi vyake, piga kura upya na upige picha ya kitawi kimoja. Kwanza hesabu hukupa matunda ya tawi, kisha hesabu ya pili hukupa ya mti. Mtakwimu Raymond Jessen aliieleza njia ya kushuka panda kwa panda namna hii mwaka 1955. Yeye aliyapa matawi manene nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa kwenye kura, nawe unaweza kufanya hivyo kwa kuliwekea tawi nene vikaratasi vingi zaidi.