SOMO: Fomu ya ridhaa pale uso wa mwanamitindo unapopandikizwa kwenye mwili wa mwingine

Naweka hapa mara moja. Anayenitumia swali hili tena faraghani nitamjibu kwa kiungo tu. Nazungumzia matangazo ya kulipwa yanayofanyika Kenya.

Hatua ya 1. Majina kamili, namba ya kitambulisho, tarehe, sahihi. Aliye chini ya miaka 18 anasainiwa na mzazi au mlezi.

Hatua ya 2. Malipo ya siku ya studio yaandikwe kando, na ya matumizi ya uso kando.

Hatua ya 3. Kibali cha kupandikiza. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Fomu za zamani zina sentensi kwamba mpigapicha "anaweza kuhariri picha", na watu huiegemea hiyo. Kuhariri ni kuondoa chunusi au kubadilisha rangi ya ukuta wa nyuma. Kuuchukua uso wa dada na kuuweka kwenye mwili wa mtu mwingine aliyeshika bia ni kumwonyesha akifanya jambo ambalo hakulifanya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa iwe mahususi, na kifungu cha 32 kinamtwika mtumiaji wa data mzigo wa kuthibitisha kwamba aliipata. Mlalamikaji hana kazi ya kuthibitisha kwamba hakutoa.

Kwa hiyo fomu iwe na kiambatisho chenye sahihi yake. Tuseme mteja anauza rangi za nyumba na anataka uso mmoja kwenye picha nne. Kiambatisho kinataja kila picha kwa jina la faili na kuweka kijipicha chake, kisha bidhaa hiyo moja, Kenya pekee, mitandao na mabango, miezi 12. Studio sh. 25,000, uso sh. 10,000 kwa kila picha, jumla sh. 65,000. Mwezi wa saba mteja anautaka uso uleule kwenye tangazo la mikopo. Hiyo ni bidhaa nyingine, kwa hiyo kiambatisho kipya na malipo mapya. Mwanamitindo akikataa, mteja atafute uso mwingine.

Onyo: asisaini kiambatisho kabla ya kuona vijipicha. Na yale asiyoyataka kabisa, kama pombe, kamari, siasa au nguo za ndani, yaandikwe kwa majina. "Matumizi yasiyofaa" kila mtu hulitafsiri apendavyo.

Hatua ya 4. Mwenye mwili naye anasaini. Tatuu, kovu au mkono wenye pete humtambulisha hata bila uso.

Hatua ya 5. Andika nani anahifadhi picha asilia za uso na zitafutwa lini. Zikitumika kuifundisha programu uso huo, hicho nacho ni kibali cha peke yake.

MASWALI

— Mkuu, si niandike tu "matumizi yote, daima" nimalize?
Soma Hatua ya 3.

— Uso nimeutoa Instagram, nikaubadilisha kidogo. Bado nahitaji fomu?
Kama jirani yake anaweza kumtambua, unahitaji. Desemba 2022 Oppo Kenya ilitozwa faini ya shilingi milioni 5 na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, katika shauri lililoanzia kwenye picha ya mtu iliyowekwa Instagram bila ridhaa yake. Hiyo haikuwa hata imepandikizwa.

— Mimi naanza kazi hii. Mwanamitindo akibadili nia mabango yakiwa yamesimama, tunafanyaje?
Swali zuri, dada. Kifungu hichohicho cha 32 kinampa haki ya kuondoa ridhaa wakati wowote, ila yaliyofanyika kihalali kabla ya hapo hayageuki kuwa kosa. Kwa hiyo mkubaliane mapema: mitandaoni picha ishuke ndani ya siku 3, mabango siku 21, na malipo ya uso kwa miezi iliyobaki yarudishwe. Pia hifadhi picha ya msingi kabla ya kupandikiza. Uso ukitolewa, unaweka mwingine bila kurudi studio.

— Huku Dar fomu hii inafaa?
Muundo unafaa, sheria ubadilishe. Ninyi mna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na malalamiko yanapelekwa kwa Tume.

— Ajenti wangu alisaini kwa niaba yangu. Imetosha?
Soma mkataba wako na ajenti uone kama ulimpa uso wako au ulimpa kukutafutia kazi tu. New York, tangu Juni 2025, sheria ya wafanyakazi wa mitindo inataka mwanamitindo mwenyewe atoe ridhaa tofauti ya maandishi kwa nakala yake ya kidijitali, ikitaja mipaka, madhumuni, malipo na muda. Kwetu si sheria, lakini mwandikie ajenti barua fupi kwamba kiambatisho cha uso utakisaini mwenyewe.

— Na hao wa rangi wakitaka video?
Kiambatisho kingine. Sauti nayo uitaje, maana wakishaupata uso wataitafuta.