Maandalizi ya iodini ya mionzi baada ya kutolewa tezi: kuhesabu siku ukiwa Moshi

Mimi ni muuguzi hapa Moshi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaandaa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi ya shingo kabla hawajasafiri kwenda Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, kupewa iodini ya mionzi. Mwongozo huu ni kwa mtu ambaye tezi yake yote imeshatolewa, daktari ameshaamua kwamba anahitaji dozi, na tarehe imeshapangwa. Kama daktari wako amesema huihitaji, usisikitike. Saratani ndogo zisizo hatari nyingi siku hizi zinaachwa bila mionzi.

Shabaha ni mbili tu. Seli za tezi zilizobaki mwilini, nzima au za saratani, zinatakiwa ziwe na njaa ya iodini. Pia zinatakiwa zipate amri ya kuila. Njaa inaletwa na chakula, amri inatolewa na homoni ya TSH kutoka ubongoni. Ukikosa kimojawapo, dozi inapita mwilini na kutoka kwenye mkojo bila kufanya kazi yake.

Hatua ya kwanza: anza na tarehe ya dozi, urudi nyuma

Chukua kalenda ya ukutani, ile ya duka la dawa inatosha. Weka duara kwenye siku ya dozi, kisha hesabu kurudi nyuma. Wiki 4 kabla, unakunywa kidonge cha mwisho cha levothairoksini, yaani dawa ya tezi. Wiki 2 kabla, unaanza chakula chenye iodini kidogo. Siku 3 hivi kabla, unapima TSH hapahapa Moshi, na majibu uyapate kabla hujakata tiketi ya basi.

Kuna mambo yanayoanza mapema zaidi ya hapo. Anayenyonyesha anatakiwa awe amemwachisha mtoto angalau wiki 6 kabla, na hatamrudishia ziwa mtoto huyo. Ni jambo zito, litajwe siku ya kwanza. Mjamzito hapewi dozi kabisa, kwa hiyo kipimo cha mimba kitarudiwa karibu na siku yenyewe. Na kama ulipigwa CT ukachomwa dawa ya rangi kwenye mshipa, mwambie daktari tarehe yake. Dawa ile imejaa iodini, na kawaida tunasubiri wiki 6 hadi 8 ndipo mwili usafike.

Hatua ya pili: kusimamisha dawa au kuchoma sindano

Njia ya zamani, ambayo wagonjwa wangu wengi huitumia, ni kusimamisha dawa. Levothairoksini hupungua nusu mwilini kila siku 7 hivi, ndiyo maana wiki moja haitoshi. Homoni ikiisha, ubongo unashtuka na kumwaga TSH. Tunataka ivuke 30. Kama ndiyo kwanza umetoka upasuaji na hujaanzishiwa dawa, wiki zako 3 hadi 4 zimeshaanza kuhesabika tangu siku ya kisu.

Gharama yake unailipa kwa mwili. Wiki ya tatu na ya nne utasikia baridi hata mchana, choo kitakuwa kigumu, uso utavimba, maneno yatatoka polepole. Usiendeshe gari wala pikipiki kipindi hicho, mikono inachelewa kutii. Mgonjwa mmoja dereva wa bodaboda aliniambia aliiona ng'ombe barabarani, akajua kwamba ameiona, na bado akachelewa kushika breki.

Njia ya pili ni sindano ya TSH iliyotengenezwa maabara. Kwenye boksi utasoma Thyrogen. Hapa husimamishi dawa kwa wiki nne. Unachomwa miligramu 0.9 kwenye msuli wa tako siku ya kwanza, nyingine siku ya pili, na siku ya tatu unapewa iodini. Ukianza Jumatatu, dozi ni Jumatano, na damu ya kupima tairoglobulini, protini inayotengenezwa na seli za tezi, inatolewa Ijumaa. Wengi hawapati zaidi ya kichwa kuuma na kichefuchefu kidogo.

Majaribio mawili makubwa, moja la Uingereza na jingine la Ufaransa, yalichapishwa mwaka 2012 na kuonyesha kwamba kwa wagonjwa wa hatari ndogo, kusafisha mabaki ya tezi kunafanikiwa sawasawa kwa njia zote mbili. Kwa saratani iliyosambaa mapafuni au kwenye mifupa, madaktari wengi bado huegemea kusimamisha dawa. Kwa hiyo usijione umepewa tiba ya daraja la chini kwa sababu sindano imekushinda bei. Ni ghali, inaagizwa, na inatunzwa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8. Ukiinunua, ichomewe hukohuko Dar. Usiibebe kwenye kikapu hadi Moshi kisha uirudishe.

Lakini kuna watu ambao ningewatafutia sindano kwa udi na uvumba: mwenye moyo uliochoka, mzee sana, aliyewahi kuugua sonona kali. Na yuko mwingine anayesahaulika: mama aliyewahi kutoka damu nyingi sana wakati wa kujifungua, maziwa yasitoke na hedhi isirudi. Huenda sehemu ya ubongo inayotoa TSH ilikufa siku ile. Huyo hata akisimamisha dawa miezi mitatu, TSH haitapanda. Atateseka bure.

Hatua ya tatu: chumvi

Hapa ndipo kazi ilipo. Lengo ni kula iodini isiyofika maikrogramu 50 kwa siku. Chumvi ya dukani kwetu imewekwa madini joto kwa sheria, na madini joto ndiyo iodini yenyewe. Tuseme pakiti yako ina miligramu 40 kwa kilo. Gramu moja ina maikrogramu 40. Kijiko cha chai kilichojaa ni kama gramu 5, hiyo ni 200. Yaani robo kijiko tu imeshamaliza ruhusa ya siku nzima, kabla hujagusa kitu kingine.

Wapo wanaoikaanga chumvi kwenye kikaango ili madini joto yaruke. Usitegemee hilo, yanayobaki yanatosha kukuharibia. Chumvi ya mawe ya ng'ombe nayo mara nyingi imeongezwa iodini kwa ajili ya mifugo. Mimi nawaambia wapike bila chumvi kabisa kwa wiki mbili: ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili hoho, pilipili kali. Mzee, au anayekunywa dawa za kukojosha za presha, apimwe sodiamu kabla na katikati, kwa sababu mwili ukikosa homoni ya tezi, sodiamu hushuka kirahisi. Akianza kuchanganyikiwa au kutapika, ni hospitali siku hiyohiyo.

Nikienda nyumbani kwa mgonjwa huwa naomba nione jikoni. Chumvi ya kwenye kopo huwa wameshaificha. Inayobaki ni ile isiyoitwa chumvi: vidonge vya kuungia mchuzi, siagi ya kupaka, mkate wa dukani, karanga za kukaanga, chapati za mgahawani. Ondoa pia maziwa, mtindi, kiini cha yai, samaki wa baharini, dagaa wa aina zote na soya. Loshoro basi, kwa sababu ya maziwa.

Kinachobaki si kidogo. Mtori uliopikwa nyumbani bila maziwa wala chumvi unafaa, machalari pia, nyama isizidi kipande cha ukubwa wa kiganja kwa siku. Ugali, wali, viazi, mboga za majani, matunda, chai ya rangi. Shida kubwa huwa ni misiba na harusi. Nenda na kontena lako, ule kabla hujatoka.

Na usisafishe kidonda kwa ile dawa ya kahawia ya iodini. Ngozi nayo inakula.

Hatua ya nne: pima kabla ya kupanda basi

Mwalimu mmoja wa Kibosho, miaka 41, alipangiwa dozi tarehe 28 Agosti. Nilimpigia simu tarehe 31 Julai nikamwambia, "Mwalimu, leo ndiyo mwisho wa kile kidonge cheupe." Tarehe 21 Agosti akaja kliniki. Nilitarajia uso umevimba na sauti nzito. Alikuwa mchangamfu, hana koti, ila alikuwa akisugua vidole.

"Sista, midomo inakufa ganzi, na vidole vinachomachoma kama nimekalia mkono."

TSH ilirudi 0.4. Baada ya siku 21 bila dawa, hiyo haiwezekani. Nikamwomba amwage mkoba mezani. Vidonge vyote viwili vilikuwa vyeupe. Alikuwa ameacha kile kikubwa cha kalsiamu, akaendelea kumeza levothairoksini kila asubuhi kwa uaminifu. Ganzi ilikuwa kalsiamu kushuka, maana upasuaji ulikuwa umejeruhi vile vitezi vidogo vinavyoitunza. Kosa lilikuwa langu, nilitaja rangi badala ya jina.

Kalsiamu alirudishiwa saa ileile. Dar tulipiga simu mapema, kwa sababu iodini 131, yaani ile iodini ya mionzi yenyewe, inaagizwa kwa hesabu ya mgonjwa na inapoteza nusu ya nguvu yake kila siku 8. Haikuwekei kiporo. Tukaanza upya: kidonge cha mwisho 21 Agosti, chakula kikaanza 4 Septemba, kalsiamu na vitamini D zikaendelea, na hasa kwa kuwa maziwa yalikuwa yameondolewa. Tarehe 15 Septemba TSH ilikuwa 52. Tarehe 17 akapanda basi, 18 akapewa dozi.

Kama TSH yako imegoma chini ya 30, uliza kwa mpangilio huu: dawa ilisimama kweli? Kuna kipande kikubwa cha tezi kilichobaki bado kinatoa homoni? Uliwahi kutoka damu sana ukijifungua? Wiki moja zaidi ya kusubiri hutosha kwa wengine, wengine watahitaji sindano.

Hatua ya tano: siku ya dozi na kurudi

Panga mahali pa kulala Dar kwa siku kadhaa baada ya dozi, chumba chako peke yako na choo chako ikiwezekana, kwa sababu mwili wako utakuwa bado unatoa mionzi. Safari ya kutwa nzima ukiwa umebanana na mama mwenye mtoto si ya siku ya pili yake. Watakaokuruhusu watakupa idadi ya siku kulingana na dozi. Chakula cha iodini kidogo kiendelee siku moja au mbili baada ya dozi, kisha rudia chumvi yako.

Levothairoksini kwa kawaida inarudi siku ya pili au ya tatu. Mwalimu wa Kibosho alirudi na vikopo viwili, kimoja amekiandika TEZI kwa kalamu nyekundu, kingine KALSIAMU.