Aprili si Agosti: makadirio ya mauzo kwa biashara ya watalii

Ukiandika makadirio ya duka la kukodisha vifaa vya kupandia Kilimanjaro hapa Moshi, tafadhali usigawe mauzo ya mwaka kwa 12 ukaishia hapo. Tuseme ni milioni 36, wastani milioni 3 kwa mwezi. Upe kila mwezi uzito wake kutoka daftari la mwaka jana, yaani mauzo ya mwezi huo gawa kwa wastani wa mwezi, kisha uzidishe kwa milioni 3: Agosti 1.8, yaani milioni 5.4, Aprili, masika yamekolea, 0.2, yaani laki 6 tu. Jumla ya uzito wa miezi yote iwe 12, la sivyo umebadilisha mauzo ya mwaka bila kujua. Kodi ya pango ikiwa laki 8, Aprili ina pengo la laki 2 kabla ya mishahara. Fedha hiyo itengwe tangu Agosti.